Barua ya udhamini ianze na faida ya mdhamini

Wiki hii tunajibu swali ambalo makatibu wa kamati na viongozi wa jumuiya za Musoma, Bunda na Butiama wametuletea mara kwa mara: kwa nini barua za kuomba udhamini tunazozipeleka kwenye makampuni hazijibiwi, hali shughuli zenyewe ni za kheri na kila mtu anakiri hivyo? Badala ya kujibu kwa jumla, tumeona bora tuichukue barua moja halisi, tuisome kama anavyoisoma mpokeaji wake, kisha tuonyeshe jinsi ilivyoandikwa upya na yaliyofuata.

Barua hiyo ni ya umoja wa vijana wa mjini Musoma, nao wameturuhusu kuitumia kwa sharti la kutotaja majina. Walikusudia kufanya upimaji wa macho kwa siku tatu, siku moja Musoma, moja Bunda na moja Butiama, wakishirikiana na wataalamu wa macho, kwa idhini ya Mganga Mkuu wa kila halmashauri. Bajeti yao ilikuwa shilingi 3,500,000. Fungu kubwa kuliko yote lilikuwa miwani ya kusomea 240, kila mmoja kwa shilingi 6,000. Yaliyobaki yalikuwa posho za wataalamu, usafiri, mahema na viti, matangazo, maji na vifaa vya usajili. Wanachama walikwisha kuchanga shilingi 1,000,000. Barua yao ya kwanza ilisomeka hivi:

"YAH: OMBI LA UDHAMINI. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni umoja wa vijana ulioanzishwa kwa lengo la kuihudumia jamii. Umoja wetu unakabiliwa na changamoto nyingi, ikiwemo ukosefu wa fedha na vitendea kazi. Tumepanga kufanya upimaji wa macho katika wilaya tatu, na tuna upungufu wa shilingi 2,500,000. Hivyo tunaiomba kampuni yenu itusaidie kiasi chochote itakachojaaliwa. Kampuni yenu itatangazwa siku hiyo. Tunatanguliza shukrani zetu za dhati."

Hakuna neno la uongo wala la utovu wa adabu katika barua hii. Ilipelekwa kwenye kampuni moja, na mwezi na nusu ukapita bila jibu.

Tujiulize sasa ni nani aliyeipokea. Katika miji yetu, mtu wa kwanza kuishika barua ya namna hii ni meneja wa tawi au msimamizi wa mauzo wa mkoa. Mara nyingi hana mamlaka ya kutoa shilingi milioni mbili na nusu. Anachoweza kufanya ni kuipeleka makao makuu, kwenye idara ya masoko, akiiambatanisha na maelezo yake mwenyewe ya mistari michache. Mkubwa wake atamuuliza jambo moja tu: sisi tutapata nini? Barua ya vijana haikumpa cha kujibu. Ilimweleza matatizo ya umoja, na matatizo ya umoja si kazi yake. Mstari pekee uliomhusu ni ule wa "itatangazwa siku hiyo", nao haukusema itatangazwa kwa nani, wapi, mara ngapi, wala kwa njia gani. Ili aweze kuipigania, ingempasa akae aandike yeye zile hoja ambazo waombaji hawakuziandika. Mtu mwenye kazi zake hawezi kufanya hivyo, basi barua hukaa juu ya meza.

Hapa pana jambo la kuelewa kabla ya kushika kalamu. Kampuni huwa na mifuko miwili, na kila mmoja una mlango wake. Mfuko wa kwanza ni wa misaada. Mfuko wa pili ni wa masoko, yaani fedha za kutangaza biashara. Hata sheria inaitofautisha mifuko hiyo. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inairuhusu kampuni kutoa gharama za biashara yake katika mapato kabla ya kodi kukokotolewa, na matangazo huingia humo. Mchango kwa taasisi ya hisani nao unaweza kutolewa, lakini kwa masharti: taasisi iwe imetambuliwa kuwa ya hisani na Mamlaka ya Mapato, na kiasi kinachoruhusiwa kisizidi asilimia 2 ya mapato ya biashara hiyo. Jumuiya nyingi ndogo za kwetu hazina utambuzi huo. Barua inayosema "tusaidieni" inaelekea kwenye mfuko mwembamba wenye masharti mengi. Barua inayoeleza nafasi ya kutangaza biashara inaelekea kwenye mfuko mpana zaidi, ambao mwenye nao anatafuta kila siku mahali pa kuutumia.

Wakazi wa Butiama wanayo mfano mbele ya macho yao. Msafara wa baiskeli uitwao Twende Butiama hutoka Dar es Salaam na kufika Butiama wakati wa kumbukumbu ya Mwalimu Julius Nyerere, Oktoba 14. Njiani hupandwa miti na hutolewa madawati mashuleni. Makampuni makubwa, miongoni mwao Vodacom na Benki ya Stanbic, yamewahi kuudhamini. Madawati yanahitajika kweli, lakini madawati yanahitajika kila mahali, na si kila anayeyahitaji anapata mdhamini. Msafara huu una kitu ambacho kampuni haiwezi kukinunua dukani: unapita mkoa baada ya mkoa, watu wakitoka barabarani kuutazama, nalo jina la mdhamini linakwenda nao hadi mwisho wa safari.

Basi tuliwaambia vijana waiweke bajeti pembeni, wachukue karatasi tupu, waandike wao wana nini ambacho mtu wa biashara angekitaka. Mwanzoni walisema hawana kitu. Tukawataka walete daftari la usajili la mwaka uliotangulia, walipopima macho kwa siku moja Musoma. Daftari lilikuwa na watu 214. Kati yao 86 walionekana kuhitaji miwani ya kusomea, na wengi wa hao walikuwa na umri wa miaka 40 na kuendelea. Tukawauliza mtu alisubiri kwenye foleni kwa muda gani. Wakasema kati ya saa moja na nusu na saa mbili na nusu. Hapo mali yao ikaanza kuonekana: watu wazima zaidi ya mia mbili kwa siku, wengi wao wakuu wa familia, wameketi mahali pamoja kwa karibu saa mbili, hawana haraka ya kuondoka.

Hatua ya pili ni kutafuta kampuni ambayo biashara yake inakutana na shughuli yenyewe. Makampuni ya pombe na ya michezo ya kubahatisha hayakuwamo katika orodha, na hilo halikuhitaji mjadala. Duka la dawa lilifikiriwa, lakini mtaji wake ulikuwa mdogo. Mwishowe vijana wakachagua kampuni ya simu yenye duka Musoma na mawakala wa fedha Bunda na Butiama. Sababu aliitoa binti mmoja wa umoja huo ambaye ni wakala. Alisema wazee wengi wanaofika kibandani kwake humpa simu pamoja na namba ya siri, wakimwambia, "Mwanangu, nifanyie, mimi sioni." Wengine huwapa wajukuu. Ikitokea fedha zimepotea, lawama huangukia kampuni, na mzee hurudi kuweka fedha zake chini ya godoro.

Maneno hayo ndiyo yaliyoibeba barua mpya. Mtu anayeshindwa kusoma tarakimu za simu yake hawezi kuwa mteja kamili wa kampuni ya simu. Miwani ya shilingi 6,000 inamfanya awe mteja kamili. Haja ya vijana na faida ya kampuni zilikuwa kitu kimoja tangu mwanzo, ila barua ya kwanza ilikuwa imetaja upande mmoja tu. Barua ya pili iliandikwa hivi:

"YAH: NAFASI YA KUDHAMINI UPIMAJI WA MACHO KWA WATU 600, MUSOMA, BUNDA NA BUTIAMA.

Mteja asiyeweza kusoma maandishi ya simu yake humpa mtu mwingine namba yake ya siri ili amfanyie miamala. Kwa siku tatu tutapima macho ya watu wapatao 600 katika miji ya Musoma na Bunda na kijijini Butiama, na kuwapa miwani ya kusomea wapatao 240 kati yao. Tunaikaribisha kampuni yenu iwe mdhamini pekee wa upande wa mawasiliano.

Kampuni yenu itapata mambo manne. Kwanza, meza yenu wenyewe katika kila kituo, karibu na eneo la kusubiria, ambapo wafanyakazi wenu wanaweza kusajili laini, kufungua akaunti za fedha na kuwafundisha watu kulinda namba zao za siri. Kila mtu husubiri kwa saa moja na nusu au zaidi. Pili, nembo yenu kwenye mfuko wa kila miwani, ambao mwenye miwani atakaa nao nyumbani. Tatu, jina lenu katika kila tangazo la redio na la gari la matangazo kwa siku tano kabla ya shughuli. Nne, taarifa ya maandishi ndani ya siku 14 baada ya shughuli, yenye idadi ya waliohudhuria katika kila kituo, picha na nakala za risiti.

Makadirio ya watu yanatokana na daftari la mwaka jana, ambapo watu 214 walihudhuria kwa siku moja Musoma. Nakala ya muhtasari wake imeambatanishwa, pamoja na barua za idhini za Waganga Wakuu na cheti cha usajili wa umoja wetu.

Udhamini huu ni shilingi 2,500,000. Gharama yote ni shilingi 3,500,000, na wanachama wetu wamekwisha kuchanga shilingi 1,000,000. Mchanganuo uko ukurasa wa pili. Tutafika ofisini kwenu Jumanne ijayo kusikiliza maoni yenu."

Tuitazame barua hii kwa utulivu. Kichwa chake hakisemi "ombi", kinasema nafasi, na papo hapo kinataja idadi na mahali. Meneja anayesoma kichwa peke yake ameshajua kama eneo hilo ni lake. Sentensi ya kwanza inazungumza juu ya mteja wake, si juu ya umoja wa vijana. Faida zimetangulia, na kila moja inaweza kuhesabiwa au kuonekana kwa macho. Fedha zimekuja mwishoni, kwa kiasi kamili. Maneno "kiasi chochote" yameondolewa, kwa kuwa anayeuza kitu bila bei humwachia mnunuzi kazi ya kukithamini, na mnunuzi asiyejua thamani hutoa kidogo au hutoa udhuru. Tena mtu wa masoko anaweza sasa kupiga hesabu yake mwenyewe: shilingi 2,500,000 kwa watu 600 ni kama shilingi 4,200 kwa kila mtu atakayekaa karibu na meza yake. Ataipima na gharama ya kuwafikia watu hao hao kwa njia nyingine.

Mahitaji ya umoja hayakufichwa. Yapo katika mchanganuo wa ukurasa wa pili, kila shilingi na kazi yake. Kilichobadilika ni mpangilio. Na ile milioni moja ya wanachama, ambayo barua ya kwanza haikuitaja kabisa, sasa imekuwa ushahidi kwamba wenye shughuli wameanza kuibeba wenyewe.

Majibu yalikuja siku ya tisa, kwa simu. Kampuni ilikubali kimsingi, lakini ikaomba jambo moja zaidi: orodha ya majina na namba za simu za wote watakaopimwa, ili iwatumie ujumbe wa matangazo. Hapa vijana waligawanyika. Baadhi walisema namba ya simu si kitu, na fedha ziko karibu. Tuliwashauri wakatae, na tunaeleza sababu kwa sababu ombi hili linazidi kuwa la kawaida.

Mtu aliyekuja kupimwa macho alitoa namba yake kwa ajili ya huduma ya afya. Hakuitoa kwa ajili ya biashara ya mtu mwingine. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, na msingi wake ni kwamba taarifa iliyokusanywa kwa jambo moja haihamishiwi jambo jingine pasipo ridhaa ya mwenyewe. Taarifa za afya zimewekewa ulinzi mkubwa zaidi. Kabla ya sheria hiyo, dini yetu ilikwisha kutufundisha kwamba siri ya mtu ni amana. Umoja usingeweza kuuza kitu ambacho si chake.

Lakini kukataa peke yake kungeiacha kampuni mikono mitupu. Vijana wakarudi na pendekezo: atakayependa kupata taarifa za kampuni atajiandikisha mwenyewe kwenye meza ya kampuni, kwa daftari la kampuni, baada ya kuelezwa namba yake itatumiwaje. Daftari la upimaji litabaki mikononi mwa wataalamu. Kampuni ikakubali. Mtu wao wa masoko alisema hata kwao namba ya aliyejiandikisha kwa hiari ina thamani kuliko namba ya mtu asiyejua kwa nini anatumiwa ujumbe.

Makubaliano ya mwisho hayakuwa shilingi 2,500,000 zote. Kampuni ilitoa fedha taslimu shilingi 1,800,000, ikaleta mahema na viti vyake kwa siku zote tatu, vitu vilivyokuwa vimetengewa shilingi 450,000 katika bajeti. Pengo lililobaki, shilingi 250,000, wanachama walilimaliza kwa mchango wa ziada. Na hili ni la kuzingatia: mdhamini anaweza kutoa kitu badala ya fedha, nacho kikahesabiwa kwa bei yake, mradi kiwe kimo katika bajeti. Fulana mia mbili ambazo hazimo katika bajeti hazinunui miwani hata mmoja.

Tumalizie kwa mitego mitatu tuliyoiona katika barua nyingine zilizotufikia. Wa kwanza ni kutia chumvi. Mwandishi huandika "maelfu ya watu" bila daftari wala picha, na mtu wa masoko amezisoma barua kama hizo mia. Akifika siku ya shughuli akakuta watu themanini, mlango umefungwa kwa miaka, na umefungwa hata kwa wengine wa mji huo. Kama huna hesabu ya nyuma, sema hivyo, kisha taja unachokijua: ukubwa wa uwanja, idadi ya madarasa, idadi ya vituo.

Wa pili ni kuuza kiti kimoja mara mbili. Ukishaandika "mdhamini pekee wa upande wa mawasiliano", usipeleke barua ile ile kwa kampuni nyingine ya simu mpaka ya kwanza ijibu au muda uliouweka upite. Unaweza kumwendea muuza maji au duka la vifaa, kwa kuwa hao hawagombei mteja mmoja.

Wa tatu ni kuchelewa. Barua ya vijana ilifika wiki tisa kabla ya shughuli, na hata hivyo fedha ziliingia zikiwa zimebaki siku kumi na mbili. Barua hupanda hadi makao makuu, hurudi na maswali, kisha huja ankara, namba ya mlipa kodi na akaunti ya benki kwa jina la taasisi. Jumuiya isiyo na akaunti kwa jina lake itakwama katika hatua hiyo hata kama imekubaliwa.

Na tusichanganye barua hii na barua ya sadaka. Nyumba ya yatima ikiungua usiku, au familia ikifikwa na msiba, anayeombwa hutoa kwa kutaraji malipo kwa Mwenyezi Mungu, na hapo haja ndiyo inayotangulia, bila kupambwa. Huko kutaja nembo na matangazo ni kumharibia mtoaji nia yake. Udhamini ni makubaliano ya pande mbili, na kila upande uondoke na chake kilichoandikwa wazi.

Mwenye barua ya udhamini aliyo nayo mkononi na aisome mara moja akiwa kwenye kiti cha meneja, kwa kalamu nyekundu. Kila sentensi inayoanza na "sisi", "umoja wetu" au "tunahitaji" aipigie mstari. Ikiwa mistari mitatu ya mwanzo yote imepigwa, barua hiyo bado haijawa tayari kutumwa.

Wabillahi tawfiq.